Je, ni utovu wa adabu kumpangia mzee saa ya simu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, nakusanya na kukausha pilipili manga huko Muheza. Jana, Alhamisi tarehe 11 Septemba, nilialikwa Dar es Salaam kwenye hafla ya kukutanisha wauzaji na wanunuzi wa viungo. Pale kwenye meza ya chai nikaongea na mzee mmoja mwenye ghala na duka Muscat. Anakisema Kiswahili vizuri kabisa, wazazi wake walitoka Unguja. Aliniuliza pilipili yangu ina unyevu wa asilimia ngapi, nikakosa jibu. Hakukasirika. Alinieleza kwa nini anauliza, akanipa kadi yake, akasema, "Niandikie WhatsApp, tutaongea." Kesho Jumamosi anarudi kwao. Leo asubuhi nimeacha sampuli maabara, wameniambia majibu Jumatatu.

Nimeandika hivi lakini sijatuma:

"Asalaam aleikum mzee. Mimi ni yule binti wa Muheza tuliyekutana jana. Nashukuru sana kwa muda wako, nimefurahi sana kukufahamu. Naomba tuongee zaidi kuhusu biashara, Jumatatu saa nne au Jumatano saa nane. Mungu akubariki."

Kaka yangu ameusoma akasema nifute hizo saa, eti mtu mzima hapangiwi muda na mtoto, niandike tu "ukipata nafasi". Mimi naogopa nikiandika hivyo hatutaongea kamwe. Nifanyeje? Pia nina kadi za watu wengine wawili, niwatumie ujumbe huohuo?

Binti wa Pilipili, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Kaka yako ana nia njema, na adabu anayoitetea ni adabu ya kweli. Ila ameiweka mahali pasipo pake. Fikiria mzee huyo anaposoma "ukipata nafasi". Ili akujibu inabidi aangalie ratiba yake, atafute pengo, akumbuke kwamba wewe uko Tanzania na saa zenu hazilingani, apige hesabu, aandike pendekezo, kisha angoje kuona kama wewe nawe utakuwa na nafasi. Kazi yote hiyo umemtwika yeye, mtu aliyetoka safarini na ghala lake limejaa shughuli. Atasema moyoni "nitamjibu huyu binti jioni", ataiweka simu chini, na kufikia jioni ujumbe wako utakuwa umefunikwa na mwingine arobaini. Hatakuwa amekudharau. Atakuwa amesahau, na wewe utabaki Muheza ukidhani hakukupenda.

Ukimwekea nyakati mbili, kazi yote umeifanya wewe uliye mdogo, yeye amebaki na neno moja tu la kujibu. Mimi naona hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi. Kinachoweza kuifanya ionekane ufedhuli ni jinsi inavyosemwa. "Naomba tuongee Jumatatu saa nne au Jumatano saa nane", ikiishia hapo, kweli inasikika kama wito wa mjumbe wa nyumba kumi. Ongeza sentensi moja ya kumwachia mlango: kama zote hazikufai, nitajie wakati wako nami nitajipanga. Hapo inakuwa hodi. Anayepiga hodi hajaingia ndani, mwenye nyumba ndiye anayesema karibu, na kaka yako hatakuwa na la kulalamikia.

Kwa nini ziwe mbili? Ukitaja wakati mmoja, jibu lake ni ndiyo au hapana, na ikiwa hapana mazungumzo yamekufa papo hapo, kwa sababu mtu mstaarabu huona haya kukataa kisha aanze yeye kupanga upya. Ukitaja tano, umempa mtihani wa kusoma, na wewe mwenyewe unalazimika kuziacha saa zote tano wazi ukimngojea. Mbili anazimaliza kwa jicho moja. Ila ziwe mbili zenye tofauti, siku tofauti na sehemu tofauti ya siku, moja asubuhi na moja alasiri. Nimeona watu wanaandika "Jumanne saa tatu au saa nne". Hizo si nyakati mbili: aliye na kikao Jumanne asubuhi amezikosa zote kwa mpigo.

Sasa nije kwenye saa zako, maana hapo ndipo ulipotaka kujikwaa, na mimi niliwahi kuanguka papo hapo.

Miaka ya nyuma nilikuwa nauza mdalasini. Nilimwandikia mfanyabiashara mmoja wa Muscat, naye pia mtu mwenye asili ya Unguja, tuongee Jumatatu "saa nne". Akajibu kwa Kiswahili safi, "Saa nne inshallah." Siku ikafika. Saa nne asubuhi nimekaa kitako, simu mkononi, daftari la bei mapajani. Kimya. Nikapiga, haikupokelewa. Ikafika saa tano, nikaondoka zangu nikiwa na hasira. Saa tisa alasiri nimo ndani ya daladala, kelele za konda na muziki, simu ikaita mara mbili sikuisikia. Alikuwa yeye. Kwake ilikuwa saa nne barabara, 16:00.

Kosa halikuwa lake. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, baada yake inakuja saa moja. Waarabu wa leo wanahesabu kama simu inavyoandika. Na neno "saa" lenyewe tumelipokea kutoka kwao, kwa hiyo mtu aliyelelewa Muscat, hata awe na Kiswahili cha Unguja mdomoni, akisoma "saa nne" kichwani mwake inaweza kuita vilevile inavyoita kwa Kiarabu, yaani nne ile ya tarakimu. Kila mmoja ameisoma kwa usahihi, na kila mmoja amemngoja mwenzake. Laiti angekuwa hajui Kiswahili, tungeandikiana kwa tarakimu na lisingetokea. Kuelewana kwetu kwa lugha ndiko kulikotupoteza.

Tangu siku ile nina kanuni ambayo sijaivunja. Saa ya Kiswahili naiandika kwa maneno pamoja na sehemu ya siku, na kando yake naweka saa ya simu kwa tarakimu nne, kisha naandika saa ya upande wa pili. Kwa mfano: saa kumi alasiri ya Tanzania (16:00), Muscat 17:00. Ikiandikwa hivyo haina mlango wa kuingilia kosa. Usiandike "saa 10 jioni", kwa sababu hapo umechanganya tarakimu ya simu na hesabu ya Kiswahili, na msomaji hajui ashike ipi. Oman wametutangulia kwa saa moja, na si wao wala sisi tunaobadili saa katikati ya mwaka, hivyo hesabu hiyo ni ileile Januari hadi Desemba. Ungekuwa unamwandikia mtu wa London mambo yangekuwa mengine: leo tofauti yetu nao ni saa mbili, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakirudisha saa zao nyuma itakuwa tatu.

Baada ya saa ni siku. Umependekeza Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku maabara wamekuahidi majibu. Hebu tazama. Mzee alikuuliza swali moja tu, asilimia ya unyevu, na sababu nzima ya kumpigia simu ni kumpelekea jibu hilo. Ukipiga Jumatatu saa nne asubuhi huna kitu mkononi, utamwambia "bado nangoja maabara", na hiyo itakuwa mara ya pili anakuuliza na huna jibu. Wakati wa simu huwekwa baada ya ahadi uliyoitoa kutimia, tena kwa nafasi kidogo, maana maabara ikisema Jumatatu ujue inaweza kuwa Jumanne mchana. Kwa hiyo anzia Jumatano.

Tena kumbuka wiki yao haifanani na yetu. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Jumapili wako kazini. Mapumziko yao yalikuwa Alhamisi na Ijumaa hadi mwaka 2013, kwa hiyo kama kuna mtu mzima katika familia yenu atakayekwambia Alhamisi hawafanyi kazi, hakudanganyi, anakumbuka ya zamani. Siku hizi Alhamisi ni siku ya kazi, ila ni ya mwisho wa wiki, na ikifika alasiri watu mawazo yameshaenda nyumbani kama sisi Ijumaa jioni. Alhamisi mpe asubuhi. Jumatano mpe alasiri, lakini isiwe ile saa nane uliyoandika. Umesema ana duka. Maduka mengi ya sokoni Muscat hufungwa adhuhuri watu wakaswali, wakala, wakajinyoosha, kisha hufunguliwa tena alasiri. Saa nane ya kwetu ni 15:00 kwake, utampigia akiwa amelala. Saa kumi ya kwetu ni 17:00 kwake, ameshaswali alasiri na magharibi haijaingia.

Tumepata basi: Jumatano tarehe 17 saa kumi alasiri, na Alhamisi tarehe 18 saa tatu asubuhi, ambayo kwake ni 10:00, duka limeshafunguliwa na kelele za kwanza za asubuhi zimetulia. Ni siku nne na tano tangu utume ujumbe, na huo ni umbali mzuri. Ukipendekeza kesho yake unambana. Ukipendekeza baada ya wiki mbili atakuwa amesahau hata sura yako.

Sasa shukrani yenyewe. Yako imeandikwa kwa moyo, lakini ingeweza kutumwa kwa mtu yeyote aliyekuwa ukumbini. "Nashukuru kwa muda wako, nimefurahi kukufahamu." Mzee huyo siku ile ameongea na watu wangapi? Na mabinti wa viungo wangapi? Mtajie kitu alichokwambia yeye peke yake. Alikueleza kwa nini anauliza unyevu, na nadhani alisema kile wanunuzi wote wa pilipili manga husema, kwamba ikizidi asilimia 12 inashika ukungu ndani ya gunia ikiwa safarini, ikifika bandarini imeshaharibika. Andika hilo. Ukimshukuru kwa neno alilosema, atakukumbuka kwa sababu atajikumbuka mwenyewe akilisema. Na utakuwa umemwonyesha, bila kujisifu, kwamba ulisikia ukaenda ukafanya: sampuli iko maabara asubuhi ya siku iliyofuata! Hilo, mwanangu, ndilo jambo zuri kuliko yote uliyonisimulia, na kwenye rasimu yako halimo kabisa.

Halimo pia jina lako. "Yule binti wa Muheza" unajijua wewe. Namba yako haimo kwenye simu yake, kwa hiyo ataona tarakimu tu zinazoanza na +255. Weka jina, pilipili manga, Muheza, meza ya chai. Mistari miwili ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla hajafungua ujumbe, basi ajue hapo hapo ni nani.

Na "tuongee zaidi kuhusu biashara" inamtisha mtu mwenye shughuli. Itakuwa dakika ngapi? Biashara gani hasa? Unataka kumkopa? Mwambie ni dakika 15 na utaje jambo lenyewe: kumpa majibu ya maabara na kumwuliza angependa sampuli ya uzito gani. Basi. Bei usiiguse kwenye ujumbe huu. Shukrani ikitoka na bei pamoja, shukrani inageuka kuwa kibandiko juu ya bidhaa.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Asalaam aleikum Mzee Fulani. Mimi ni (jina lako), wa pilipili manga ya Muheza. Tuliongea Alhamisi Dar es Salaam, kwenye meza ya chai.

Ahsante sana kwa kunieleza jinsi pilipili yenye unyevu inavyoshika ukungu safarini. Uliniuliza asilimia nikakosa jibu. Ijumaa asubuhi nimepeleka sampuli maabara, majibu wameniahidi Jumatatu.

Naomba dakika 15 za simu nikupe majibu hayo, na nikuulize sampuli ya uzito gani itakufaa. Napendekeza mojawapo ya hizi:

Jumatano 17 Septemba, saa kumi alasiri ya Tanzania (16:00), Muscat 17:00
au
Alhamisi 18 Septemba, saa tatu asubuhi ya Tanzania (09:00), Muscat 10:00

Nitapiga mimi, kwa namba ya kwenye kadi yako. Kama zote mbili hazikufai, tafadhali nitajie wakati wako nami nitajipanga.

Nakutakia mapumziko mema baada ya safari."

Nyakati mbili ziache kila moja kwenye mstari wake kama nilivyofanya. Zikizama katikati ya aya atazitafuta, na akizitafuta hatajibu. Usirekodi ujumbe wa sauti. Najua ni rahisi zaidi, na sauti ina upole ambao maandishi hayana, lakini akitaka kukumbuka saa uliyosema itabidi akusikilize upya tangu salamu.

"Fulani" badilisha kwa jina alilotumia mwenyewe alipojitambulisha. Kama kwenye kadi ana majina manne na ukumbini alijiita kwa moja, tumia hilo moja, tanguliza "Mzee". Usianze kumwita mjomba au baba. Watu wetu wengi hufanya hivyo kwa mapenzi, na mkishazoeana huenda akapenda mwenyewe, lakini kwa mnunuzi uliyeonana naye mara moja undugu wa haraka unamfanya ajiulize utamwomba nini.

Kutuma, tuma kesho Jumamosi usiku, baada ya isha. Leo na kesho mchana yuko kwenye kufunga mizigo na uwanja wa ndege, na ujumbe unaofika mtu akiwa kwenye foleni ya pasipoti husomwa na kusahauliwa. Usingoje Jumatatu nayo, maana kwake wiki inaanza Jumapili asubuhi, na ungependa akiamka siku hiyo akukute juu. Ni siku ya pili tangu mwonane, sura yako bado anayo.

Nimeandika "nitapiga mimi, kwa namba ya kwenye kadi" kwa makusudi. Kama hamkutaja nani anapiga, kila mmoja atamngoja mwenzake. Na usitegemee simu ya WhatsApp. Katika baadhi ya nchi za Ghuba simu za sauti za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka: maandishi yanapita vizuri, ukipiga haiunganishi, na mpigaji anadhani amekatiwa. Weka salio la kutosha kwa dakika 20 za simu ya kawaida kwenda nje, uliza mapema kwa mtandao wako kama wana kifurushi cha Oman, na usiseme utanunua siku hiyohiyo. Kama yeye mwenyewe atakwambia ana njia nyingine, mfuate.

Akijibu kwa kuchagua, rudisha mstari mmoja wenye saa zote mbili: "Ahsante mzee, basi Jumatano 17, Muscat 17:00, kwetu 16:00." Usijibu "sawa" peke yake. Mstari huo ndio nafasi ya mwisho ya kugundua kwamba mmoja wenu ameelewa vingine. Mimi ningeuandika siku ile ya mdalasini, daladala isingenikuta.

Lakini huenda akajibu "Inshallah binti yangu", na hapo wengi wanakosea. Wanafurahi, wanakaa wanangoja Jumatano na Alhamisi zote. Hilo ni jibu la wema, bado si miadi. Mrudie kwa upole na umchagulie: "Ahsante mzee. Basi niishike Jumatano, Muscat 17:00?" Akisema ndiyo, mmepatana. Akisema siku nyingine, pia mmepatana.

Na akinyamaza? Utaona tiki mbili zimegeuka buluu, moyo utakuwasha. Usimwandikie Jumapili wala Jumatatu kuuliza kama ameona. Majibu ya maabara yakitoka unayo sababu ya haki ya kumwandikia tena, kwa kuwa uliahidi: "Mzee, majibu yametoka, unyevu ni asilimia kadhaa. Nyakati nilizopendekeza bado nimekuwekea, Jumatano Muscat 17:00 au Alhamisi Muscat 10:00." Huo si usumbufu, umeleta kitu. Kama bado kimya, Jumatano ikifika usipige. Wakati uliopendekeza na haukukubaliwa si wako. Subiri Jumapili tarehe 21, wiki mpya kwake, umwandikie mara moja ya mwisho ukiweka nyakati mbili mpya, kwa sababu zile zimeshapita na ukimwacha azitazame zilizokufa ataona haya kwa kuchelewa. Nyakati mpya zenyewe zinamwambia kwamba hakuna kilichoharibika. Baada ya hapo mwache hadi uwe na jambo jipya kweli.

Majibu yakija mabaya, tuseme asilimia 14, mwandikie hivyohivyo. Mwambie umeirudisha kwenye turubai juani na utapima tena. Mnunuzi wa pilipili anajua hali ya hewa ya Muheza, mvua za Amani zinavyokuja bila hodi. Anachotaka kujua ni kama wewe utamwambia mapema, kabla gunia halijafungwa.

Kuhusu wale wengine wawili: usiwatumie ujumbe huu. Kila mmoja mlichoongea ni kingine, na shukrani lazima ishike hicho. Zaidi ya hapo, zile saa mbili za mzee wa Muscat zimeshawekwa rehani hadi atakapojibu. Ukimpa mtu mwingine Jumatano saa kumi na wote wawili wakaipokea, utalazimika kumkatalia mmoja, na huwezi kuomba muda wa mtu kisha ukamnyang'anya. Chukua karatasi, andika siku za wiki ijayo, mgawie kila mmoja jozi yake. Kama mmoja yuko hapahapa Dar, kwake huhitaji saa za pande mbili, lakini maneno na tarakimu ziandike zote. Hata sisi kwa sisi siku hizi kuna wanaosema "saa kumi" wakimaanisha 10:00, hasa vijana wa maofisini. Wa tatu, kama ni yule uliyechukua kadi yake tu mkaachana, mshukuru kwa kadi na umkumbushe ulikuwa wapi. Simu usimwombe, bado hamna la kuongea.

Jumatano asubuhi, kama mmekubaliana, mtumie mstari mmoja: "Mzee, salama? Nitapiga leo Muscat 17:00." Kisha tafuta mahali ambapo simu inashika mtandao. Huko kwenu ukipanda kidogo kuelekea milimani inashika na kuachia, kwa hiyo ikifika saa tisa na nusu uwe umeshateremka Muheza mjini, umekaa, karatasi ya maabara mbele yako. Piga saa kumi kamili. Asipopokea, piga tena baada ya dakika 10, mara moja tu, kisha andika: "Mzee nimekupigia, huenda umetingwa. Kesho Alhamisi, Muscat 10:00, bado niko wazi." Ndiyo maana tuliiacha ile ya pili isimame.

Shangazi